Nguo ya "batiki ya nili" imechafua sketi ya mteja wangu: ni batiki kweli au nimeuziwa kitu kingine?

#1 Mshonaji_Nyawera

Jambo kwenu wote. Nina atelie ndogo hapa Bukavu, upande wa Nyawera. Mwezi uliopita nilinunua kitambaa cha bluu, vipande viwili vya yadi mbili na nusu kila kimoja, vilivyoshonwa pamoja katikati vikawa nguo moja pana. Aliyeniuzia alisema ni batiki ya nta, kazi ya mkono, rangi ya nili, kutoka Nigeria. Nilimpa dola 45 bila kubishana sana kwa sababu nguo ilinipendeza.

Nikamshonea mama mmoja libaya na sketi ya kuvaa kwenye harusi ya binti wa dada yake. Siku mbili baada ya harusi akarudi. Sketi nyeupe ya ndani ilikuwa imepakwa bluu kwenye nyonga zote mbili, na kiganja chake alichokuwa anashikia nguo wakati wa kucheza kilibaki bluu hadi kesho yake. Anasema nimemuuzia nguo feki. Sikumjibu kitu, maana mimi mwenyewe sijui nilinunua nini.

Nimebaki na kipande cha karibu mita moja. Kina miraba, na kila mraba una mchoro wake. Mchoro si mweupe, ni wa bluu hafifu juu ya bluu nzito. Kwa nyuma karibu huoni mchoro wowote, ni bluu tu.

Hapa sokoni kila muuzaji ana jina lake. Huyu anasema batiki, yule tai-dai, mwingine siku hizi anasema shibori, na wote wanaongeza "indigo", yaani nili, ili bei ipande. Mtu anatofautishaje kwa macho na mikono, bila maabara? Na mteja wangu nimwambie nini?

#2 MwanaKadutu

Mama, jambo. Ile kitu iko rahisi sana. Batiki ya kweli iko na nyufa. Nta inapasuka, rangi inaingia mu mipasuko, unaona mistari midogo midogo kama mishipa ya jani. Kama kuko nyufa, njo ya mkono. Kama hakuna, banakudanganya. Na nguo yenye inatoa rangi ni feki, hapo hakuna hata mabishano. Mi niko na kikwembe cha waksi ya Holanda, mama yangu alikinunua kabla mi nizaliwe, kiko na nyufa ya kweli na hakijatoa rangi hata siku moja.

#3 Mtu_wa_Kigoma

Niongeze jambo la majina, kwa sababu nadhani vurugu inaanzia hapo. Huku kwetu Tanzania mtu akisema "batiki" anaweza kumaanisha ya nta au hata ile ya kufunga kwa kamba. Mafundi wenyewe wanatenganisha, ya nta ni batiki na ya kufunga ni tai-dai, lakini mnunuzi anaita yote batiki. Mimi nilifanya kazi hiyo miaka sita: tunachemsha rangi na kostiki na haidro, dawa za kuifanya iyeyuke, tunagonga mhuri wa sponji wenye nta, tunatia rangi nyingine, tunatoa nta kwa maji ya moto. Kwa hiyo jina la muuzaji usilitegemee. Tuletee habari ya kingo za mchoro. Zimekatika safi kama kwa kalamu, au zina manyoya?

#4 BintiZiwa

Dada pole sana. Chukua maji baridi, tia siki kikombe kimoja na chumvi viganja viwili, loweka usiku mzima. Rangi itashika na haitatoka tena. Mimi hufanya hivyo kwa nguo zote mpya za watoto.

#5 Mama_Chungu

Mshonaji, pole kwa maneno ya mteja. Niko Goma, lakini kabla ya hapo niliishi Abeokuta, Nigeria, miaka mitatu na mume wangu, na mama mwenye nyumba wetu alikuwa mtia nili. Nilichovya naye nguo mpaka kucha zangu zikawa bluu. Nguo yako nadhani naijua, ila nataka uithibitishe mwenyewe.

Kwanza tuyaweke pembeni majina manne yale. Maswali ni mawili tu, na kila moja lina dalili zake. La kwanza: ni kitu gani kilizuia rangi isiingie? Ama kuna kitu kilipakwa juu ya kitambaa, kama nta au uji wa unga, ama kitambaa chenyewe kilibanwa kwa kufungwa, kushonwa, kukunjwa au kuminywa kati ya mbao. La pili: ni rangi gani iliyotumika? Nili ni jibu la swali la pili. Kwa hiyo "nili" si ndugu wa nne baada ya batiki, tai-dai na shibori. Batiki inaweza kuwa ya nili au isiwe ya nili, na tai-dai vilevile.

Kitambaa kilichobanwa kina kingo zinazofifia. Rangi hutambaa kidogo chini ya kamba, kwa hiyo kati ya bluu na nyeupe unakuta ngazi, nzito, ya kati, hafifu, kisha nyeupe. Mistari huwa inakimbilia kwenye kitovu kimoja, pale palipofungwa. Kitambaa kilichopakwa kitu kina mpaka. Mpaka wa nta ni mkali kuliko wote kwa sababu nta ya moto huzama ndani ya nyuzi na kuganda hapohapo, tena ikizama vizuri mchoro unaonekana nyuma kama mbele. Mpaka wa uji wa unga umekatika pia, lakini si kwa ukali huo, una kama nywele ndogo pembeni.

Sasa fanya mambo matatu. Geuza kitambaa, linganisha mbele na nyuma kwenye mwanga wa dirisha. Kisha tafuta ndani ya sehemu hafifu kama kuna mistari ya bluu nzito inayokatisha mchoro, uniambie ni myembamba kama unywele au mipana yenye ukungu. Mwisho chomoa uzi mmoja pale ulipokata, uusokotoe kinyume mpaka ufunguke, utazame katikati yake. Una kioo cha kukuzia? Kama huna, tumia kamera ya simu, vuta picha karibu.

BintiZiwa mwanangu, siki na chumvi haishiki nili. Nitaeleza baadaye kwa nini. Mshonaji usiloweke chochote kwanza.

#6 MwanaKadutu

Mama Chungu, heshima yako. Lakini nyufa je? Unasema nyufa si alama ya mkono?

#7 Mama_Chungu

Nyufa ni alama kwamba kuna kitu kigumu kilikaa juu ya kitambaa kikapasuka. Hapo umesema kweli. Ila hazikuambii kama aliyekipaka ni mkono au mashine. Waksi ya Holanda ya mama yako ni ya kiwanda: mashine inapaka utomvu uliochemshwa pande zote mbili kwa silinda, kitambaa kinaingizwa kwenye nili, utomvu unapasuka, na nyufa zinakuja za kweli kabisa. Kazi ya kiwanda, nyufa halali.

Tena kuna vitambaa rahisi vilivyochapwa upande mmoja, ambavyo hata nyufa zimechorwa. Hivyo utavijua hivi. Tafuta ua lilelile mahali pawili kwenye kitambaa. Kama ufa unaopita kwenye jani la kushoto unapita palepale kwenye ua la pili, umechapwa. Kama maua ni sawa kabisa na nyufa ni tofauti, ni waksi ya kiwanda. Kama hata maua yenyewe hayafanani sawasawa, hapo ndipo unapoanza kufikiria mkono. Na tazama ukingo wa kitambaa pembeni, kiwanda huandika jina lake pale.

#8 MwanaKadutu

Nimeenda kutazama kikwembe cha mama. Ndege iko sawa sawa fasi yote, lakini nyufa inabadilika kwa kila ndege. Na pembeni kuko maandishi ya kiwanda. Miaka yote minasema ni ya mkono! Aksanti mama, leo nimejua.

Lakini neno la feki mi bado nasimama nalo. Nguo ya bei haiwezi kupaka mtu bluu.

#9 Mshonaji_Nyawera

Nimerudi. Nimefunga atelie mapema, nikaketi na kile kipande dirishani kama saa nzima. Nilikuwa na kioo cha kusomea cha baba.

Nyuma: ukitazama haraka ni bluu tupu. Ukiinua dhidi ya mwanga unaona kivuli cha mchoro kutoka upande wa mbele. Kwa hiyo kilichozuia rangi kilipakwa upande mmoja.

Kingo: hazifanyi ngazi kama ulivyosema ya kufunga. Bluu nzito inaishia na hafifu inaanza, lakini mpaka wenyewe si wa kisu. Ni kama mstari uliochorwa kwa wino kwenye karatasi inayonyonya kidogo. Hakuna tundu za sindano popote wala alama za mikunjo.

Nyufa: zipo, lakini chache. Ni pana, kama milimita moja au mbili, zenye ukungu. Hazifanani na mishipa ya jani aliyosema kaka wa Kadutu.

Uzi: huu ulinishangaza. Kwa nje ni bluu karibu nyeusi. Nilipoufungua, katikati ni mweupe! Nikachomoa wa pili nikidhani nimekosea. Uleule.

Michoro: mraba mmoja una kama nguzo zimesimama, na katikati ya nguzo kuna vijiko. Nilidhani ni ngoma na mwiko. Mwingine una ndege, mwingine majani.

#10 Mama_Chungu

Nguzo na vijiko! Basi mshonaji, una nguo ya Wayoruba inayoitwa adire, na mchoro huo ni Ibadandun, maana yake Ibadan ni tamu. Nguzo ni za Jumba la Mapo, lile jengo kubwa lililo juu ya kilima mjini Ibadan. Hata kushonwa vipande viwili katikati ni desturi ya nguo hizo.

Lakini usiniamini kwa sababu ya mchoro, kwa maana mchoro unaweza kunakiliwa na kiwanda chochote. Niamini kwa yale uliyoyaona wewe.

Adire ya namna hii hupakwa uji mzito wa unga wa muhogo, uliochemshwa na shabu kidogo. Mama anachora kwa unyoya wa kuku, upande mmoja tu wa nguo. Uji hukauka ukawa mgumu. Kisha nguo inachovywa kwenye chungu cha nili dakika chache, inatolewa, inaning'inizwa. Ikitoka chunguni ni ya kijani-manjano, na hewa inapoigusa inageuka bluu mbele ya macho yako. Inachovywa tena, inaning'inizwa tena. Kila mchovyo unaongeza uzito wa bluu, na nguo nzito kama yako imeingia mara nyingi.

Sasa linganisha na ulichoandika. Uji haukuzama mpaka nyuma kama nta, na nyuma ndiko nili ilikoingia bila kizuizi, ndiyo maana nyuma ni bluu tupu. Uji si ukuta kamili, maji huupenyeza kidogo kila mchovyo, kwa hiyo sehemu iliyokingwa inabaki bluu hafifu badala ya kuwa nyeupe. Nta nzuri ingekuachia weupe. Uji ukikauka unapasuka mipasuko mipana, na kwa kuwa unalainika ndani ya maji, ufa wake una ukungu. Nta ni ngumu, hasa ikitiwa parafini nyingi, inapasuka kama kioo na kuacha unywele mkali. Hapo una alama tatu zinazosema kitu kimoja. Si batiki ya nta.

Na uzi wenye moyo mweupe ndio unaosema nili. Chembe ya nili haiyeyuki kwenye maji. Ndani ya chungu inageuzwa kwanza iwe ya kuyeyuka, inaingia kwenye uzi juu juu, kisha hewa inairudisha kuwa chembe isiyoyeyuka, imenasa hapohapo karibu na ngozi ya uzi. Rangi za baridi za kiwandani zinazotumiwa kwa tai-dai nyingi za leo hupenya na kushikamana na pamba yenyewe, kwa hiyo ukifungua uzi wake kwa kawaida unakuta rangi mpaka ndani.

MwanaKadutu, hapo ndipo jibu lako lilipo. Nili nzito hupaka. Chembe zilizokaa nje nje zinasuguliwa zikatoka. Umewahi kuvaa suruali mpya ya jinzi na kuketi kwenye kiti cheupe? Ni nili hiyohiyo, na magoti ya jinzi huwa meupe kwa sababu moyo wa uzi haukuwahi kupata rangi. Kupaka peke yake si ushahidi wa nili, kwa sababu rangi mbaya ya kiwandani nayo hutoka. Tofauti ni hii: rangi mbaya hutoka kwenye maji, ukiiloweka inakoroga beseni kila siku. Nili hutoka zaidi kwa kusuguliwa kuliko kwa kulowekwa.

#11 Muzee_wa_Ibanda

Watoto wangu, niruhusuni. Bibi yangu mzaa mama alivaa kaniki, kile kitambaa cha bluu-nyeusi kilichokuwa kinakuja na wafanyabiashara kutoka upande wa Ujiji. Alikuwa akitubeba mgongoni tunashuka na mashavu ya bluu. Hakuna aliyesema kaniki ni feki. Tulisema ni mpya.

#12 Skafu_ya_Hariri

Naomba kuuliza kuhusu yangu. Shemeji alikaa Nagoya, Japani, akanitumia skafu ya hariri ya bluu. Ina nukta ndogo ndogo nyingi, nadhani mamia, kila nukta ni kiduara cheupe chenye tone la bluu katikati, na kitambaa kimesimama kama vipele. Anasema ni shibori, na kwamba shibori si tai-dai. Dobi hapa mjini anataka kuipiga pasi ili "inyooke". Na kwa maelezo ya hapa, kingo za nukta zinafifia. Kwa hiyo ni tai-dai tu?

#13 Mama_Chungu

Mwambie dobi aiache! Vile vipele ndivyo vilivyofanya kazi. Fundi alibana kila nukta kwa kidole, akaizungushia uzi, ncha ikabaki nje ikapata rangi, na ndiyo lile tone la katikati. Hariri inakumbuka ilivyobanwa. Ukipiga pasi ya mvuke, kumbukumbu inakwisha na hutairudisha.

Nagoya ndiko kuna Arimatsu, wanakofanya kazi hiyo tangu miaka ya 1600. Namna yako wanaiita kanoko, kwa mfano wa madoa ya mtoto wa paa.

Kama ni tai-dai au la, mimi nasema ni familia moja. Kinachozuia rangi ni kubanwa, basi. Shibori ni jina la Kijapani la familia nzima: kufunga, kushona na kuvuta uzi, kukunja na kuminya kwa mbao, kuzungushia kwenye nguzo na kusukuma mpaka kitambaa kikunjane. Wayoruba wana ya kufunga kwa rafia na ya kushona pia, na Wahindi wana yao ya nukta. Kwa ukingo peke yake sidhani kuna mtu anaweza kuapa kwamba hii ni ya Arimatsu na hii ya Osogbo kwa Wayoruba.

Kinachoonekana ni namna ya kubana. Iliyoshonwa ina tundu za sindano zilizopangwa mstari, na pembeni ya mstari weupe unatoka kama meno. Iliyokunjwa na kuminywa ina sura zinazojirudia kama kwenye kioo, na zinazidi kufifia kuelekea mikunjo ya ndani ambako rangi ilifika kwa shida. Ya kwenye nguzo ina mistari ya mshazari kama mvua ya upepo. Ile wanayouza pale sokoni kama "shibori", yenye duara moja kubwa la rangi nne, ni kitambaa kilichosokotwa na kufungwa mipira. Siyo dhambi, ila bei yake isiwe ya skafu yako.

#14 Skafu_ya_Hariri

Nimemkimbilia dobi, nimeiwahi. Aksanti sana.

#15 Mtu_wa_Kigoma

Mama Chungu, nakubali mengi, lakini naona shimo moja. Kuna njia nyingine inayotoa mchoro hafifu, wa upande mmoja, wenye ukingo wa manyoya: unachukua kitambaa ambacho tayari ni bluu, unapaka dawa nzito ya kung'oa rangi, unasuuza. Mimi nimefanya kwa klorini iliyotiwa uji. Nyuma rangi inabaki, mbele inatoka. Mshonaji atajuaje kwamba nguo yake haikufanywa hivyo? Ni kazi ya nusu saa. Bei ya dola 45 ingekuwa wizi.

#16 Mama_Chungu

Swali zuri, nami sikuliwaza. Acha nifikiri kwa sauti.

Mahali pa kutazama ni zile nyufa. Uji unaozuia ukipasuka, bluu inaingia kwenye ufa, kwa hiyo ndani ya sehemu hafifu kuna mstari mzito. Dawa ya kung'oa inakaa mbichi inapofanya kazi, haina kwa nini kuacha mstari mzito uliokatisha mchoro. Na dawa hutambaa kutoka kwenye mchoro kwenda nje, kwa hiyo wingu la hafifu liko nje ya mstari. Kwa uji ni kinyume, nili ndiyo inayotambaa kuingia, na wingu liko ndani ya mchoro. Mshonaji, wingu liko upande gani?

#17 Mtu_wa_Kigoma

Ongeza na hili: klorini inaumiza pamba. Chomoa nyuzi mbili, moja ipite kwenye mchoro hafifu na nyingine kwenye bluu tupu, uzivute mpaka zikatike. Ile iliyopigwa dawa hukatika kwa urahisi zaidi. Si kipimo cha uhakika, lakini kwa nguo iliyochomwa sana utahisi mkononi.

#18 BintiZiwa

Bado mnaniacha na siki yangu. Watoto wangu nguo zao hazitoi rangi.

#19 Mama_Chungu

Samahani mwanangu, niliahidi. Siki inasaidia baadhi ya rangi zinazoshika kwenye sufu na hariri, wakati wa kupikwa pamoja. Chumvi inasaidia baadhi ya rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kutia rangi. Nguo ikishatoka dukani, muda wa hayo umepita. Na nili haiko kwenye maji ikisubiri kushikishwa, ni chembe zilizonasa kwenye uzi, asidi haizigundishi. Nguo za watoto wako ziliacha kutoa rangi kwa sababu zilifuliwa, na zingeacha hata bila siki.

Kwa nili, cha maana ni kuondoa zile chembe zisizonasa. Maji baridi, sabuni ya kawaida, nguo ifuliwe peke yake, usiiache ikilala majini, suuza mpaka maji yawe karibu meupe. Mara tatu au nne. Javeli usiiguse kamwe. Baada ya hapo itapungua sana kupaka, ila nguo nzito haitaacha kabisa, na fundi mwaminifu humwambia mnunuzi hivyo mapema.

#20 Mshonaji_Nyawera

Nimetazama tena asubuhi na mwanga mzuri.

Wingu liko ndani ya mchoro. Mstari wa nje wa kijiko ni safi kiasi, na ndani yake bluu inaingia kidogo kama ukungu. Nje ya kijiko bluu ni nzito palepale inapoanzia. Nyufa ni nzito, zinapita ndani ya sehemu hafifu, na moja inaanzia kwenye kijiko inapita mpaka kwenye nguzo ya pembeni, kama palipokunjwa uji ukiwa umekauka.

Nyuzi nimezivuta, tatu kutoka kila upande. Sikuhisi tofauti. Mume wangu naye alivuta bila kujua ipi ni ipi, akasema zote ngumu.

Nimesugua pia kitambaa cheupe kikavu mara kumi kwenye kona moja, kisha kibichi kwenye kona nyingine. Kikavu kimepata bluu, kibichi kimepata zaidi. Lakini kile kipande nilichokiacha kwenye bakuli la maji usiku (kidogo tu, Mama Chungu, kama kidole) maji yake yamebaki karibu safi.

#21 Mtu_wa_Kigoma

Wingu ndani na nyufa nzito, basi mimi nimeshawishika. Si dawa ya kung'oa. Hongera dada, una jicho.

#22 MwanaKadutu

Na mi naondoa neno feki. Lakini yule muuzaji alisema nta, na si nta. Kwa hiyo alidanganya ao hakujua?

#23 Mama_Chungu

Siwezi kumsemea. Hata kule Nigeria leo neno adire linabeba mengi: kuna ya uji, kuna ya kufunga, na nyingi za siku hizi ni za mhuri wa sponji na nta ya mshumaa na rangi za kiwandani. Mtu anayenunua kwa robota anaweza kusema nta kwa sababu nyingine zote za robota ni za nta.

#24 Skafu_ya_Hariri

Na nili yenyewe, ni ya mmea au ya kiwanda? Nasikia ya mmea ndiyo yenye thamani.

#25 Mama_Chungu

Kwa macho haijulikani, wala kwa uzi, wala kwa kusugua. Nili ya kiwanda imekuwa sokoni tangu 1897, Wajerumani wa BASF walipoanza kuiuza, na ndani yake ni kitu kilekile cha mmea. Mama mwenye nyumba wetu alikuwa na vyungu vya majani nyuma ya nyumba, na wakati wa haraka alitumia unga wa dukani na haidro. Nguo zake zote aliziuza bei moja. Mtu akikuuzia "nili ya mmea" kwa bei ya juu, muulize alijuaje.

#26 Mshonaji_Nyawera

Niwaambie ilivyokwenda. Jana nilimwita yule mama atelie. Sikumpa maneno mengi, nilimpa kioo cha baba na uzi mmoja, nikamwomba aufungue mwenyewe. Alipoona moyo mweupe alinyamaza, kisha akauliza kwa nini suruali za wanawe zina hivyo pia. Nikamweleza habari ya jinzi.

Kosa langu nimelikubali mbele yake: nilimwambia ni batiki ya nta na si nta, na sikumwonya kuhusu kupaka. Nimeifua sketi mara nne kama Mama Chungu alivyosema. Maji ya kwanza yalikuwa bluu kama ya kupausha mashati, ya nne yalikuwa karibu meupe. Nimeiwekea bitana mpya ya bluu-nyeusi bila malipo, na sketi nyeupe ya ndani nimemnunulia nyingine. Nguo ameondoka nayo. Amesema ataivaa Jumapili.

Kwenye kipande kilichobaki nimeshona kitambulisho kidogo: "Adire, uji wa muhogo, nili, hupaka ikiwa mpya." Neno batiki nimeliacha.

Limebaki moja. Mama Chungu ulisema unyoya wa kuku. Nimepima vijiko kwenye miraba minne. Vitatu vinatofautiana unene wa mpini, lakini nguzo ni sawa kabisa, urefu uleule hadi nusu milimita. Inawezekana nguzo zilipakwa kwa kiolezo na vijiko kwa mkono?

#27 Mama_Chungu

Kule violezo vya bati vilikuwa kazi ya wanaume, na unyoya kazi ya wanawake. Nguo moja yenye vyote viwili mimi sijawahi kuishika. Tazama pembe za nguzo: kiolezo lazima kiwe na madaraja madogo yanayoshikilia bati lisianguke, na mahali pa daraja mstari hukatika. Kama mistari ya nguzo haikatiki popote, basi ni mkono wa mtu aliyezichora miaka mingi sana.

#28 Mshonaji_Nyawera

Inakatika sehemu mbili, juu na chini ya kila nguzo. Lakini pale chini, kwenye nguzo moja, mtu amepitisha mstari mwembamba wa uji kuziba pengo.